Muhtasari wa mkataba wa nyumba ya Barani, Malindi: notisi, dipoziti na faini

Shangazi, shikamoo.

Zile picha nne za skrini ulizonitumia jana nimezisoma mara mbili, kisha nikaenda kuzitazama tena kwenye kompyuta kwa sababu kwenye simu herufi zilikuwa kama dagaa. Mkataba wenyewe ni wa Kiingereza. Hapa nimeuweka kwa Kiswahili chetu. Nimetoa yale tu yanayohusu notisi, dipoziti na faini. Mambo ya kutofuga mbuzi na kutopiga misumari ukutani nimeyaacha, hayo utayaweza.

Kodi ni 22,000 kwa mwezi. Mkataba ni wa miezi 12, kuanzia 1 Machi 2026 hadi 28 Februari 2027.

| Jambo | Mkataba unasema | Kifungu | Kwako maana yake |
|---|---|---|---|
| Dipoziti | Kodi ya miezi miwili, ilipwe kabla ya kupewa funguo | 3(a) | 44,000. Ukiongeza kodi ya Machi na 3,000 za kuandika mkataba, siku ya kwanza unatoa 69,000 |
| Kutumia dipoziti kama kodi | Hairuhusiwi, hata mwezi wa mwisho | 3(b) | Usije ukasema "kateni humo" |
| Kurudishiwa dipoziti | Ndani ya siku (tarakimu ya kwanza imekatwa kwenye picha, inaonekana 0 tu) baada ya kuhama | 3(d), picha ya 2 | Huenda ni 30, 60 au 90. Sikukisia |
| Makato ya dipoziti | Bili za maji na umeme, uharibifu, na rangi 12,000 | 3(e) | Rangi inakatwa hata ukiiacha nyumba inang'aa. Kwa hiyo cha juu kabisa utakachorudishiwa ni 32,000 |
| Notisi, ukihama wewe | Miezi miwili, kwa maandishi, ihesabiwe kuanzia tarehe 1 ya mwezi unaofuata | 6(a) | Tazama hesabu hapo chini |
| Notisi, akikutoa mwenye nyumba | Mwezi mmoja, kwa maandishi | 6(b) | Yeye nusu ya muda wako |
| Kuhama kabla ya miezi sita | Dipoziti yote inapotea | 6(d) | Hadi 31 Agosti 2026, 44,000 zimefungwa |
| Kuchelewa kodi | Baada ya tarehe 5: asilimia 10 ya kodi papo hapo, na 200 kwa kila siku | 8(a) na (b) | 2,200 mara moja, kisha 200 kuanzia tarehe 6 |
| Kodi isipolipwa siku 14 | Mwenye nyumba "anaweza kufunga mlango na kushika vitu" | 8(d) | Chini nimeeleza |
| Nyumba kukaa bila mtu | Ikipita siku 14 bila taarifa ya maandishi, inahesabiwa umeihama | 9(c) | Hiki ndicho kilichonitisha |
| Kodi kupanda | Haikutajwa popote katika picha nne | – | Muulize, iandikwe |

Sasa hesabu, maana jedwali halisemi kila kitu.

Mwanao hukutumia pesa tarehe 8 au 10, si ndiyo? Ukilipa tarehe 10, kifungu cha 8 kinakutoza 2,200 na siku tano za 200, yaani 1,000. Jumla 3,200. Mwezi mmoja si kitu, lakini ikiwa hivyo mwaka mzima ni 38,400. Dipoziti nyingine karibu nzima, na hii hairudi. Wewe ulikuwa ukilalamikia ukubwa wa dipoziti. Mimi naona dipoziti ya miezi miwili inavumilika, tarehe 5 ndiyo itakayokula. Akikubali tarehe 12, shida imekwisha.

Notisi nayo ina mtego mdogo. Ukimpa barua 30 Septemba, miezi miwili inaanza 1 Oktoba, unatoka 30 Novemba. Ukimpa 3 Oktoba, siku tatu tu baadaye, hesabu inaanza 1 Novemba, unatoka 31 Desemba. Siku tatu zimekugharimu 22,000. Kwa hiyo siku ukitaka kuhama, barua iwe mikononi mwake kabla mwezi haujaisha, na nakala yako uipige picha ikiwa na sahihi yake ya kupokea.

Halafu 9(c). Najua Mfungo Sita hukosi Maulidi Lamu, na ukifika mtaani Langoni huondoki wiki mbili, tatu, kwa kuwa kila nyumba inataka ukale kwao. Mwaka 2026 Mfungo Sita unaanza katikati ya Agosti. Siku ya 15 ukiwa bado huko, kwa maandishi ya mkataba huu wewe umehama, na ikiwa miezi sita bado haijatimia, anaweza kusema na 44,000 zimekwenda. Kodi umelipa, vyombo vyako vimo ndani, na bado. Sidhani yule mzee ana nia hiyo, pengine ameunakili tu mkataba wa mtu mwingine. Lakini nia haikuandikwa. Siku 14 ndizo zilizoandikwa.

Kuhusu 8(d): hilo la kufunga mlango na kushika vitu asikutishe nalo. Kenya, kukamata mali ya mpangaji kwa sababu ya kodi ni kazi ya dalali wa mnada mwenye leseni na kwa utaratibu wake, si mwenye nyumba kuja na kufuli. Hata hivyo usitie sahihi ukijisemea kwamba sheria itakulinda. Ni afadhali maneno yatoke kabisa. Na usitegemee ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, kwani mpaka wake ni kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi. Ya kwako imeupita mbali. Ukiwahi kudaiana naye dipoziti, mahakama ya madai madogo husikiliza madai hadi milioni moja, na huhitaji wakili.

Jambo moja zaidi. Picha ya 3 inaishia 6(b) na ya 4 inaanza 6(d). Kifungu 6(c) hakipo. Ama kimekatwa ulipopiga picha, ama hukutumiwa. Kiombe, kwa sababu kiko katikati ya mambo ya notisi na huenda kinabadilisha safu mbili za jedwali langu.

Usitie sahihi wala usitume pesa kabla hajajibu. Dalali wa nyumba atakwambia kuna mtu mwingine anaitaka nyumba leo leo. Hawaishi kusema hivyo. Nimekuandikia ujumbe wa kumtumia mwenye nyumba mwenyewe, unakili ulivyo:

"Assalam aleikum Mzee. Nimeusoma mkataba wa nyumba ya Barani, na nyumba nimeipenda. Kabla sijatia sahihi naomba haya: tarehe ya kodi iwe 12 badala ya 5, notisi iwe mwezi mmoja kwetu sote, 9(c) isihesabike ikiwa kodi imelipwa, kwani mimi husafiri Lamu, rangi ikatwe kulingana na risiti ya fundi, na 8(d) iondolewe. Pia naomba picha ya kifungu 6(c), na 3(d) yote ionekane, idadi ya siku haisomeki. Tukikubaliana, siku hiyo hiyo nitalipa 69,000 kwa benki unipe risiti."

Akikataa yote, shikilia mawili: 9(c) na tarehe ya kodi. Akijibu nitumie picha, ila safari hii usikate pembeni.