Swali la 4: Alama ya Hatari ya Kufilisika na Dalili za Onyo kwa Mkopaji (alama 25)

Kiwanda cha sabuni na mafuta ya kupikia kilichoko Changamwe, Mombasa, ambacho ni kampuni ya familia isiyouza hisa sokoni, kimeomba mkopo wa Sh60 milioni wa miaka mitano ili kinunue mtambo wa kufungashia. Hesabu zake za mwaka ulioishia Desemba 2024, zilizowasilishwa benki kwa kuchelewa miezi minne, zinaonyesha yafuatayo kwa mamilioni ya shilingi: mali zote 400, mali za muda mfupi 150, zikiwemo fedha 120 wanazodaiwa wateja, madeni ya muda mfupi 180, madeni yote 300, faida iliyolimbikizwa 40, mtaji wote wa wanahisa 100, mauzo 480, faida kabla ya riba na kodi 20, riba 24, gawio 4. Mwaka 2023 mauzo yalikuwa 448, wateja walidaiwa 56, na alama ya Z' ilikuwa 2.12.

Mkaguzi wa hesabu amebadilishwa, mhasibu mkuu ameacha kazi, na ovadrafti, ambayo ndiyo iliyotumika kununulia malori matatu, haijashuka chini ya kikomo chake tangu Julai. Mteja mmoja, msambazaji wa jumla, anadaiwa Sh40 milioni zilizopitisha siku 180.

Kanuni ya kampuni za viwanda zisizo sokoni ni hii:

```
Z' = 0.717X1 + 0.847X2 + 3.107X3 + 0.420X4 + 0.998X5
```

X1 ni mtaji wa uendeshaji, X2 faida iliyolimbikizwa, X3 faida kabla ya riba na kodi, na X5 mauzo, kila kimoja kikigawanywa kwa mali zote. X4 ni mtaji wa wanahisa wa vitabuni ukigawanywa kwa madeni yote. Alama inayozidi 2.90 ni salama. Iliyo chini ya 1.23 ni ya hatari; katikati ni ukanda wa mashaka.

(a) Kokotoa Z' ya 2024 na ueleze kwa nini kanuni ya Altman ya 1968 haifai hapa. (alama 8)
(b) Kokotoa upya ukichukulia kwamba deni la msambazaji halitalipwa, kisha ufafanue matokeo. (alama 7)
(c) Jadili dalili nyingine na utoe pendekezo kwa kamati ya mikopo. (alama 10)

Mwongozo kwa watahini

(a) Uwiano ni -0.075, 0.10, 0.05, 0.333 na 1.20, hivyo Z' ni 1.52. Kanuni ya 1968 hutumia thamani ya hisa sokoni katika X4, na kampuni hii haina bei ya soko. Anayeweka thamani ya vitabuni ndani ya kanuni hiyo bila kubadilisha vizidishi apoteze alama tatu.

(b) Hapa ndipo mwanafunzi makini hujitenga na mwenye kukariri. Deni likifutwa, mali hubaki 360, mtaji 60, faida iliyolimbikizwa sifuri, mtaji wa uendeshaji -70, na faida ya uendeshaji hugeuka hasara ya 20. Z' hushuka hadi 1.10, ndani ya ukanda wa hatari. Alama kamili apewe anayegundua kwamba X5 imepanda kutoka 1.20 hadi 1.33 kwa sababu tu mali zimepungua, na kwamba hata katika (a) takriban 1.20 kati ya 1.52 ilitokana na mauzo. Alama inayoegemea mauzo ambayo hayajaleta fedha ni dhaifu kuliko inavyoonekana.

(c) Mauzo yameongezeka kwa takriban asilimia 7 ilhali madeni ya wateja yamezidi mara mbili, na muda wa kukusanya umetoka siku 46 hadi 91. Faida inalipa riba mara 0.83 tu, na bado wenye kampuni wamejigawia Sh4 milioni katika mwaka wa hasara. Jambo hili lipewe uzito mkubwa, kwani linaonyesha nia kuliko uwezo. Malori ni mali ya miaka mingi iliyonunuliwa kwa fedha zinazoweza kudaiwa wakati wowote. Kuondoka kwa mhasibu au kubadilishwa kwa mkaguzi kunaweza kuwa na sababu njema, lakini yakikutana na hesabu zilizochelewa, benki ina wajibu wa kuuliza na kupata majibu kwa maandishi.

Pendekezo linalotegemea Z' pekee lisipite alama nne. Jibu bora litakataa ombi kwa sasa, litataka orodha ya umri wa madeni ya wateja, taarifa za benki za miezi 12 na kusitishwa kwa gawio, na litapendekeza ovadrafti ya malori igeuzwe kuwa mkopo wa muda maalumu kabla ya mtambo kujadiliwa. Mwanafunzi anayekubali mkopo kwa sababu ya dhamana ya ardhi apewe alama iwapo tu ameonyesha fedha zitakazolipa marejesho ya kila mwezi.