Kuhusu barua ya makadirio ya kodi uliyoipokea

Shikamoo Mama,

Nimeisoma barua ya mamlaka ya kodi kurasa zote nne. Hawajakushtaki. Ni makadirio yaliyorekebishwa ya mwaka 2023: wamejumlisha fedha zote zilizoingia benki, 84,000,000, wakazilinganisha na mauzo uliyotangaza kwenye ritani, 62,000,000. Tofauti ya 22,000,000 wameihesabu yote kuwa mauzo, wakaitoza asilimia 30. Ndiyo ile 6,600,000 iliyokushtua. Riba iko mstari wa chini yake.

Hapo ndipo tunapopingana nao. Katika hizo 22,000,000, mkopo wa benki ni 15,000,000, na 4,000,000 ulizihamisha mwenyewe kutoka akaunti yako ya akiba. Mkopo si mapato, wala fedha yako haigeuki kuwa mauzo kwa kuhama akaunti. Zinabaki 3,000,000 za mauzo ya Desemba ambayo kweli hayakuingizwa kwenye ritani. Kodi yake ni 900,000, na hiyo tukubali bila kubishana.

Sasa tarehe. Barua imeandikwa tarehe 3 Machi 2025, lakini ukurasa wa pili unasema siku zinahesabiwa tangu kupokelewa. Wewe ulisaini kitabu cha tarishi tarehe 10 Machi. Kwa hiyo siku 14 za kupeleka vielelezo zinaisha Jumatatu tarehe 24 Machi, na siku 30 za pingamizi zinaisha Jumatano tarehe 9 Aprili. Wikendi zimo ndani ya hesabu. Bahasha usiitupe, ina muhuri wa siku ile.

Aya ya 6 isome mara mbili. Inataka kodi usiyoipinga ilipwe kabla ya tarehe hiyohiyo ya 9 Aprili, la sivyo pingamizi halitapokelewa hata likiwa na hoja nzito. Watu wengi hudhani ukishapinga, malipo yote yanasimama. Kwa barua hii kinachosimama ni sehemu inayobishaniwa tu, na riba yake inaendelea kuhesabiwa mpaka uamuzi utoke; tukishinda, inafutwa pamoja na kodi yake.

Tukikaa kimya mpaka tarehe 9 Aprili ipite, makadirio yanakuwa ya mwisho. Wataweza kudai zote 6,600,000 na riba, hata kwa kuiagiza benki izikate kwenye akaunti yako. Muda wa nyongeza unaombwa kwa maandishi, kwa sababu ya msingi, kabla siku hazijaisha. Sipendi tuutegemee.

Naomba uniletee mkataba wa mkopo na taarifa za akaunti zote mbili za mwaka 2023 kabla ya Jumatano tarehe 19 Machi, nivipeleke mapema na kudai nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Rasimu ya pingamizi nimeshaianza. Wakikupigia simu, usikubali wala kukataa kiasi chochote, waombe waandike.

Mhasibu wako