Mahindi ya Rehema

Jumamosi jioni bosi alimhesabia Yusufu dola 250. Yusufu akazikagua noti moja moja kwenye mwanga, maana Lubumbashi dola iliyochanika hata kidogo haipokelewi dukani wala kwa mbadilisha fedha. Akakuta moja ina mchaniko pembeni. Bosi akaibadilisha.

Mgawo ulikwisha kupangwa na baba huko Tunduma: 200 za bati, 50 za kula. Baba hakuwa na tamaa. Nyumba ilikuwa inavuja kweli, na masika yaliyopita walilala wamekunja magodoro.

Lakini Yusufu alikuwa bado analala gereji, katikati ya matrela ya kubebea shaba aliyokuwa akiyachomelea mchana kutwa.

"Mdogo, utalala huku mpaka siku gani?" Yaya Ilunga, fundi mkubwa, alimwuliza. "Chumba kiko ku Katuba, dola 25 kwa mwezi. Mwenye nyumba anaomba garanti ya miezi tatu. Ukituma feza yote, ukigonjwa hapa, utatumika na nini?"

Garanti ni 75. Hilo lilihesabika upesi. Lililomkosesha usingizi ni mahindi. Nauli ya kupita Zambia hadi Kasumbalesa ilitoka kwa dada yake Rehema, aliyeuza magunia ya chakula cha wanawe, akampa fedha bila kumwambia mumewe ni ya nini. Kwa dola ilikuwa kama 80. Rehema hakuwahi kuitaja tena, na katika mgawo wa baba jina lake halikuwemo.

Akapiga simu. Tunduma walikuwa saa moja mbele, wameshakula.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umepokea?"

"Nimepokea, baba. Nitatuma 120. Themanini za Rehema, arobaini zako."

"Na bati?"

"Bati nitaanza mwezi ujao, nikishapata pa kulala."

"Fundi nimeshamwambia aje Jumatatu. Majirani wanajua." Baba akavuta pumzi. "Rehema ni dada yako. Hajadai."

"Ndiyo maana nampa kwanza, baba. Angedai, ningemwomba anivumilie."

Simu ikawa kimya, hata Yusufu akatazama kama salio limekwisha.

"Fundi nitamwambia asije," baba akasema hatimaye. "Lakini hizo arobaini usizipitishe kwa Rehema. Zije kwa jina langu."

"Sawa, baba."

Dereva mmoja wa Dar es Salaam alikuwa amejitolea kuzibeba bure. Yusufu alimshukuru, akakataa. Foleni ya mpakani haina tarehe, na watoto wa Rehema wanakula kila siku. Akaenda kwenye dirisha la kutuma fedha, akajaza fomu mbili kwa majina mawili, na makato akayalipa mara mbili kutoka kwenye zile 55 zilizombakia.