Andalio la ufundishaji mdogo, dakika 10: kusubiri baada ya kuuliza

Stadi: kunyamaza sekunde 3 au zaidi baada ya kuuliza swali, na kunyamaza tena mwanafunzi anapomaliza kujibu. Hakuna stadi nyingine itakayopimwa. Mwandiko ubaoni, sauti na mpangilio wa somo vina siku zao.

Mada: uvukizaji. Ni nyepesi kwa makusudi, ili mwalimu tarajali asishughulike na maudhui akasahau kunyamaza.

Washiriki ni 9: mwalimu tarajali 1, wanafunzi 3 wa kundi A, wanafunzi 3 wa kundi B, mpima muda 1 na mwandishi 1. Kundi B linakaa nje ya mlango mpaka liitwe. Likisikia majibu ya kundi A, marudio hayana maana. Mkufunzi anashika saa ya kipindi chote.

Vifaa: vitambaa 2 vya ukubwa sawa vilivyolowa, ubao, saa ya sekunde, karatasi 2 za kumbukumbu.

Maswali (yaandikwe kwenye kadi, yasomwe neno kwa neno):
1. Kitambaa hiki nimekitandaza, hiki nimekikunja mara nne. Kipi kitakauka kwanza, na kwa nini?
2. Kitambaa kilicho kivulini penye upepo kinaweza kukauka kabla ya kilicho juani pasipo upepo? Toa sababu.
3. Mwanzoni nilipitisha kitambaa ubaoni. Ile alama ya maji imekwenda wapi?

Maswali haya yanahitaji kufikiri. Ukiuliza "Hiki ni nini?" jibu huja papo hapo, na ukimya wa sekunde 3 unageuka mateso yasiyo na faida.

Mwendo wa kipindi

0:00–0:45. Mkufunzi anataja stadi na majukumu. Wanafunzi wanaambiwa wajibu kwa kadiri wanavyofikiri kweli, wasijifanye wajinga wala wasikimbilie kuonyesha wanajua.

0:45–4:45. Kundi A linafundishwa. Mwalimu tarajali anapitisha kitambaa ubaoni, alama iwe nyembamba, kisha anaingia swali la 1. Anauliza, anafunga mdomo, anahesabu kimoyomoyo "mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu", ndipo anataja jina. Jina likitangulia swali, wawili waliobaki wanaacha kufikiri. Jibu likija, anahesabu tena kabla ya kusema lolote. Kabla ya swali la 3 apepee ubao kwa daftari ikiwa alama bado ipo.

4:45–6:45. Mrejesho. Mwalimu tarajali anaanza, sekunde 20. Mpima muda anasoma namba bila maelezo. Mwandishi anasoma swali moja na jibu lake kama vilivyotamkwa. Kisha mkufunzi na mwalimu tarajali wanachagua badiliko moja tu. Mawili ni mengi kwa muda uliobaki.

6:45–7:15. Makundi yanabadilishana.

7:15–9:30. Marudio: maswali 1 na 2 kwa kundi B.

9:30–10:00. Namba za raundi zote mbili zinasomwa zikiwa sambamba.

Karatasi za kumbukumbu

Mpima muda anaanza saa neno la mwisho la swali linapotamkwa, na kuisimamisha mtu yeyote anaposema, hata kama ni mwalimu mwenyewe. Mfano wa safu moja: "Swali 1: sekunde 1.5, mwalimu alirudia swali. Baada ya jibu: 0.5, alisema 'vizuri'." Mwandishi anaandika majibu neno kwa neno, kwa sababu urefu wa jibu ndio unaoonyesha kama ukimya umezaa kitu.

Amefaulu akifikisha sekunde 3 baada ya maswali yote mawili ya marudio, na baada ya jibu moja angalau.

Yanayoharibika

Kosa la kawaida kuliko yote ni kurudia swali kwa maneno mapya kwenye sekunde ya pili. Mwalimu anadhani anasaidia, kumbe mwanafunzi aliyekuwa katikati ya wazo sasa ana maswali mawili. Dawa: kadi ishikwe kifuani, swali lisomwe mara moja.

La pili halionekani kirahisi: "vizuri" ya haraka. Mwanafunzi akisema "Kilichotandazwa" na kusifiwa hapo hapo, sababu haitoki tena. Akiachiwa ukimya, mara nyingi huongeza mwenyewe: "...kwa sababu hewa inakigusa sehemu kubwa." Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi nchini Marekani, aliona walimu wengi husubiri takriban sekunde 1 tu, na kwamba kufikisha 3 hurefusha majibu. Ukimya wa pili, ule wa baada ya jibu, ndio unaosahaulika zaidi, kwa hiyo mkufunzi ausikilize huo kwanza.

Kukiwa kimya hadi sekunde 10, mwalimu tarajali aseme "Mwambie jirani yako unachofikiri", asijibu mwenyewe.