Kazi za Halali Mafinga: Mazungumzo na Kina Mama wa Kikundi

Kamwene, akina mama na dada zangu.

Mafinga kazi zipo: viwanda vya mbao, mama lishe, usafi wa nyumba za wageni, kazi za ndani. Kabla ya kupanda gari, chukueni barua ya utambulisho kwa mtendaji na namba ya NIDA. Jikoni mwa hoteli utadaiwa pia cheti cha kupimwa afya.

Sasa dalali. Akikwambia "toa elfu ishirini ya fomu", geuka uondoke. Kazi ya kweli inakulipa wewe. Akisema kazi iko Dar, nauli juu yake, simu na kitambulisho umwachie, huyo mripotini polisi, dawati la jinsia.

Ukipata tajiri, ulizeni mshahara, siku ya malipo na mahali pa kulala, kabla hujashika ufagio. Sheria ya Ajira ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na tajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi. Wengi watakwepa, nyie ulizeni tu. Msichana wa chini ya miaka 14 haajiriwi, hata kama ni kwa shangazi.

Kesho asubuhi mtendaji yupo ofisini. Wanaotaka barua wabaki niwaandike majina.