Skripti ya video ya kumuaga Mwalimu wetu wa hesabu

(Inaanza na ubao uliofutwa, vumbi la chaki bado linaonekana. Halafu sura zetu, mmoja mmoja. Tusisome kwenye karatasi jamani, tuongee tu.)

WOTE: Shikamoo Mwalimu!

WA KWANZA: Mwalimu, mimi ndo yule niliyejumlisha 1/2 na 1/3 nikapata 2/5, na nilikuwa na uhakika kabisa. Hukuniwekea mkasi, ulikuja ukainama pale dawatini ukaniuliza kwa sauti ya chini wenzangu wasisikie, "Ulikuwa na nusu, ukaongezewa, sasa mbona umebaki na kidogo kuliko nusu?" Nilikaa nikaitazama ile 2/5 mpaka ikaniingia yenyewe, na wewe ukasubiri tu, hukuondoka. Niliipata 5/6 mwenyewe Mwalimu. Siku ile ndo niliacha kuogopa hesabu.

WA PILI (anainua mikono yote miwili): Mara tisa! 9 mara 7, unakunja kidole cha saba, kushoto vimebaki sita, kulia vitatu, 63. Juzi nimemfundisha binti yangu, akacheka sana, akauliza nani alikufundisha mama, nikamwonyesha picha yako ya siku ile tunamaliza shule, una chaki mpaka kwenye nyusi.

WA TATU (na sare za kazini): Mimi ni nesi sasa hivi. Mtoto akija ana kilo 12 na dozi ni miligramu 15 kwa kila kilo, naandika 180, halafu kabla sijagusa dawa nagawanya kurudi nyuma, 180 kwa 12, nione kama 15 inarudi. Kila siku, hata nikiwa nimechoka vipi. "Jibu halijawa jibu mpaka ulihakiki", ulikuwa unatusumbua nalo hilo neno, na tulinung'unika kweli, ila Mwalimu kuna watoto wako salama kwa sababu yake na hawakujui.

WA NNE: Mimi nilikuwa naacha shule, unakumbuka? Wiki nzima sijaja. Niliporudi hukuuliza mbele ya darasa, ulinipa daftari umeninakilia mifano yote niliyoikosa, kwa mkono wako, na wino mwekundu kwenye zile hatua ngumu. Ninalo mpaka leo, hili hapa (analifungua mbele ya kamera, linalegea kwenye uzi). Sikuwahi kukwambia asante. Asante sana, Mwalimu wangu.

WA KWANZA: Kila kipindi ulikuwa unamaliza na swali moja, "Nani hajaelewa?", halafu unanyamaza, unatungoja kwelikweli, na sisi tunaangalia chini kwa aibu. Leo tunakujibu.

(Wote kwenye fremu moja.)

WOTE: Tumeelewa, Mwalimu. Asante.