Mpango wa asubuhi, Ijumaa, kibanda cha Mwanga

Mdogo wangu, leo nachelewa, nipo mwaloni kusubiri migebuka. Anza bila mimi.

Saa 11 alfajiri kanda unga wa maandazi kilo 2, funika. Ukisubiri uumuke, menya mihogo, ichemshe iive nusu, ichuje na uikaushe kwa kitambaa. Ikaushe kwelikweli! Jumanne iliingia na maji, mafuta yakaruka hadi kwenye kanga yangu.

Saa 1 bandika karai, mafuta mapya lita 3. Dondosha kipande cha unga: kikipanda taratibu kikitoa mapovu, anza. Kikigeuka cheusi papo hapo, punguza mkaa.

Maandazi kwanza, mafuta yakiwa hayana harufu. Kisha mihogo. Sambusa za nyama zifuate, maana zikipasuka zinamwaga vitunguu vinavyoungua. Kachori baada ya sambusa, unga wake ndio unaoacha machicha mengi. Kila ukimaliza aina moja, opoa machicha yote kwa kijiko cha matundu. Yakibaki, chakula kitakachofuata kitakuwa na madoa meusi na uchungu.

Samaki mwisho, saa 5 na nusu, nikiwa nimefika. Hata kama wa bodaboda wanakuharakisha, usitangulize migebuka. Andazi lenye shombo halinunuliki.

Pilipili na kachumbari nitafanya mwenyewe. Mafuta ya samaki yakipoa, chuja, weka kwenye dumu la kifuniko chekundu. Yale ni ya samaki tu kesho.